Chokaa ikiingia jichoni kazini: maswali na majibu kwa wajenzi wa Lamu

Fundi akirukiwa na chokaa jichoni, tumwoshe hapo hapo au tumkimbize hospitali kwanza?

Mwosheni hapo hapo, na mwanze papo hapo. Jicho linaharibika dakika zile zile za mwanzo, na kutoka Shela hadi Hospitali ya King Fahd mna kutafuta mashua, kuvuka, kisha kupita vichochoroni. Aliyefika hospitali mapema bila kuoshwa yuko katika hali mbaya kuliko aliyechelewa nusu saa akiwa ameoshwa vizuri.

Chokaa iliyozimwa ni alkali kali. Maji yaliyokolea chokaa yana pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au alkali, ya kama 12.4. Asidi ikigusa jicho hugandisha protini ya juu, na lile gamba huizuia kidogo isizame. Alkali huyeyusha mafuta ya seli na kuzidi kupenya ndani, na huendelea kufanya hivyo maadamu kuna punje iliyobaki chini ya kope. Simiti mbichi nayo hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa ndani yake mna chokaa.

Mketisheni au mlazeni, kichwa kiinamie upande wa jicho lililoumia, maji yatoke upande wa pua kwenda nje ili yasiingie jicho zima. Atabana jicho kwa nguvu wala hataweza kulifungua mwenyewe, hata mkimwamrisha. Mtu wa pili avae glavu, ashike kope ya juu na ya chini kwa kipande cha shashi kikavu (vidole vitupu huteleza), na azitenganishe muda wote. Mwambieni atazame juu, chini, kushoto, kulia, maji yafike kila pembe.

Baada ya dakika chache pindueni kope ya juu. Akiwa anatazama chini, laza kijiti cha pamba juu ya kope, shika nywele za kope, vuta kidogo na uipindue juu ya kile kijiti. Hapo ndipo vipande vyeupe vya chokaa hujificha. Vifagieni taratibu kwa pamba iliyoloa. Kipande kilichong'ang'ania kioo cha jicho msikikwangue; endeleeni kumwaga maji na mkiachie hospitali.

Kwa chokaa osheni dakika 30 kamili kwa saa, si kwa kukisia. Mkiwa na karatasi za kupimia pH, simamisheni maji, subirini dakika 5 hadi 10, kisha gusisheni karatasi ndani ya kope ya chini. Jicho zima huwa kati ya 7 na 7.5, na mnaweza kulipima la pili ili mlinganishe. Mnasubiri kwa sababu maji ya kuoshea yenyewe huficha hali: ukipima mara moja unasoma pH ya maji. Ikisoma 8 au 9, kuna punje imebaki, rudieni kuosha.

Hata akisema ameona nafuu, aende hospitali, na mtungi wa maji uende naye chomboni kuosha kuendelee njiani. Nafuu hiyo msiiamini. Alkali huua mishipa ya fahamu ya kioo cha jicho, maumivu yakapungua ilhali jicho linaharibika. Jicho jekundu linatisha, lakini la kuogopwa zaidi ni lile ambalo weupe wake umekuwa kama kauri na mishipa ya damu haionekani kuzunguka mboni, au kioo kimeingia ukungu. Huyo ni wa daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Tumeambiwa chokaa hai haitaki maji, itachemka. Na ndimu haiwezi kuizima?

Ni kweli kwamba chokaa isiyozimwa hutoa joto kali ikikutana na maji, kila aliyesimama kando ya shimo la kuzimia anajua. Lakini jicho lenyewe lina maji tayari, kwa hiyo kuchemka kumeshaanza. Kinachodhuru ni maji kidogo. Maji mengi yanayokwenda hubeba chokaa na joto lake pamoja. La kuzingatia ni moja: kama uso umejaa unga mkavu, upanguseni kwa kitambaa kikavu, sekunde chache tu, jicho likiwa limefumbwa, ndipo mfungulie maji.

Ndimu na siki msitie. Ni asidi juu ya jicho lililokwisha kuungua, na kuchanganyika kwake na alkali huzalisha joto jingine. Maziwa ya mama, maji ya sukari na mafuta ya nazi pia muyaache. Yote hupoteza dakika ambazo maji yangekuwa yanafanya kazi. Maji ya kisima yenye chumvichumvi yanafaa ikiwa hayana matope. Ya bahari ni ya mwisho kabisa, yatumike pale ambapo hakuna mengine, kwa kuwa hayo yana mchanga na chumvi nyingi.

Kituo cha kuoshea macho ni lazima kiwe cha kununuliwa? Sisi tuna mitungi na tanki la darini.

Si lazima, mradi kitimize kazi. Kipimo kinachotumika sana duniani, ANSI Z358.1, kinataka maji yasiyopungua lita 1.5 kwa dakika, kwa dakika 15 mfululizo, yenye uvuguvugu wa kati ya nyuzi 16 na 38. Hesabu yake ni lita 22.5, kumaanisha mtungi mmoja wa lita 20 haufiki hata kiwango cha chini. Kwa dakika 30 za chokaa mnahitaji lita 45, basi wekeni mitungi mitatu iliyojaa, na isichotwe ya kutia udhu wala ya kukorogea lipu. Ipakeni rangi ya kijani na muiandike MACHO TU.

Chupa ya maji ya selaini ya nusu lita ni nzuri, lakini kwa kasi hiyo huisha katika sekunde 20. Kazi yake ni kuanza kuosha wakati mtu anaongozwa kwenye mitungi, na kuendelea chomboni.

Tanki la darini lina matatizo mawili. La kwanza ni joto: tanki jeusi na bomba lililolala juani huweza kutoa maji ya moto adhuhuri, na maji ya moto huongeza madhara ya alkali. Fungua kwanza maji yaliyolala bombani yamwagike, yajaribu kwa upande wa ndani wa mkono, ndipo uyaelekeze jichoni. La pili ni mkandamizo. Maji yanayochoma kiganja yatachubua jicho. Fungeni kichwa cha shawa chenye matundu laini kwenye mpira mfupi, kisha pimeni kwa chupa ya lita 1.5: ikichukua zaidi ya dakika moja kujaa, maji ni haba.

Kituo kiwe mahali pa kufikiwa kwa sekunde 10 tangu kwenye chokaa, bila ngazi na bila mlango wa kufungua, kwa sababu anayekwenda haoni. Nyumba zetu za ghorofa zina ngazi nyembamba na zenye giza. Anayepiga lipu juu hawezi kutegemea mitungi iliyo uani. Akiwa kazini juu, mitungi ipande juu. Kosa linaloonekana mara nyingi ni njia yenyewe: siku ya kwanza iko wazi, wiki ya pili punda wameshusha mifuko ya mchanga mbele ya kituo.

Kila wiki fungulieni maji ya bomba mpaka yatoke safi, kwani kutu na mchanga hukaa ndani. Maji ya mitungi yabadilishwe wiki hiyo hiyo, tarehe iandikwe kwa chokaa ya ubaoni juu ya kifuniko.

Tuko watu 18. Waliosomea huduma ya kwanza wawe wangapi?

Anzeni na swali hili: saa yoyote kazi inapoendelea, yupo mmoja aliye ndani ya eneo? Mmoja pekee hatoshi. Ijumaa atakuwa msikitini, siku nyingine amevuka kwenda mjini kuchukua vifaa, na siku mbaya aliyeumia ni yeye mwenyewe. Na mmeona hapo juu kwamba kuosha jicho kunataka watu wawili: anayeshika kope na anayemwaga maji.

Kwa watu 18 mahali pamoja, wasomeshwe wawili. Mkigawanyika, kundi moja kwenye shimo la chokaa na jingine kwenye jengo, wawe watatu. Msimamizi anayeshinda njiani asihesabiwe. Chagueni fundi anayekaa karibu na chokaa siku nzima. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance hufundisha na kutoa cheti, na waombeni mazoezi ya kupindua kope, kwa sababu kozi ya kawaida yaweza kupita juu juu hapo. Majina ya waliosomeshwa na namba zao za simu yabandikwe juu ya sanduku la huduma ya kwanza.

Sanduku liwe na nini?

Kwa idadi yenu: plasta 20 zilizofungwa moja moja, vitambaa 6 vya kidonda vya ukubwa wa kati na 2 vikubwa, bendeji 4 za pembetatu, vifuniko 2 vya macho, pini 6, shashi, mkasi na glavu jozi 6. Kwa ajili ya chokaa ongezeni chupa 4 za selaini za nusu lita, vijiti vya pamba na karatasi za pH. Vifuniko vya macho si vya kubana jicho lenye kemikali. Hukinga tu, baada ya kuosha kumalizika.

Dawa za kumeza zisiwemo, na sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakataza sanduku hilo kuwekwa kitu kisicho cha huduma ya kwanza. Hewa yetu ya chumvi huharibu gundi ya plasta na kuozesha mkasi, kwa hiyo sanduku liwe la plastiki lenye ukingo wa mpira. Selaini iliyofunguliwa hairudishwi sandukuni.

Tuandike nini, na je, kitu kidogo nacho kiandikwe?

Kiandikwe, kwa kuwa kovu la kioo cha jicho laweza kuonekana baada ya wiki kadhaa, na hapo ndipo ubishi wa iliumia wapi huanza. Mstari unaofaa unasomeka hivi:

*Tarehe. Fundi wa lipu, jina. Saa 10:10 asubuhi alikuwa akipiga lipu ya dari bila miwani, chokaa mbichi ikamwangukia jicho la kulia. Kuosha kumeanza 10:11, kope imepinduliwa, vipande viwili vimetolewa. Kumesimama 10:42. pH saa 10:50 ni 7.5, la kushoto 7.5. Amepelekwa hospitali 10:55 akisindikizwa, maji yakiendelea. Jina na sahihi ya aliyehudumia.*

Saa iandikwe kama hospitali inavyoiandika. Ukiandika 4:10 kwa saa yetu, na karatasi ya hospitali ikasema 11:20, atakayesoma baadaye atadhani mlikaa naye saa saba. Andika ulichokiona na ulichokifanya. Nani mwenye makosa si kazi ya daftari hili. Likae mikononi mwa mtu mmoja, maana habari za afya ya mtu si za kila mpita njia.

Jeraha lililotokea kazini, mwajiri analipeleka kwa maandishi kwa afisa wa usalama na afya kazini wa eneo ndani ya siku 7. Kifo kinaarifiwa ndani ya saa 24, kisha maandishi yafuate ndani ya siku 7. Madai ya fidia chini ya sheria ya WIBA ya 2007 yana miezi 12 tangu siku ya ajali, na aliyeumia apewe nakala ya mstari wake kabla hajahamia kazi nyingine.