Dhahabu kama kimbilio salama: maana yake na mipaka yake

Dhahabu huitwa kimbilio salama kwa sababu wenye fedha huikimbilia wanapopoteza imani na hisa, sarafu au ahadi za serikali. Haimtegemei mdaiwa yeyote: benki ikifilisika au nchi ikishindwa kulipa madeni yake, wakia moja hubaki wakia moja, yaani gramu 31.1 za dhahabu. Usalama huo, hata hivyo, ni wa kuhifadhi thamani kwa muda mrefu. Haumaanishi kwamba bei haitashuka katika wiki ile ile ambayo masoko yanatikisika, na hapo ndipo wafanyabiashara wadogo wengi huumia.

Kinachoisukuma bei zaidi ni riba halisi ya Marekani, yaani riba ya hatifungani za serikali baada ya kuondoa mfumuko wa bei unaotarajiwa. Dhahabu hailipi riba wala gawio. Hatifungani ikilipa asilimia 5 na mfumuko ukitarajiwa kuwa asilimia 2, anayeshikilia dhahabu anajinyima asilimia 3 kwa mwaka. Riba ikiwa asilimia 1 tu, mwenye hatifungani ndiye anayeliwa na mfumuko, na dhahabu huanza kupendeza. Ndiyo sababu taarifa kwamba mfumuko umepanda huweza kuishusha dhahabu, jambo linalowashangaza wengi: soko hukisia kwamba benki kuu itapandisha riba. Machi 2022, vita vya Ukraine viliifikisha juu ya dola 2,000 kwa wakia, lakini Benki Kuu ya Marekani ilipopandisha riba mfululizo, bei ilishuka chini ya dola 1,650 kabla ya mwaka kwisha, ingawa vita vilikuwa vinaendelea. Dola nayo iliimarika mwaka huo, na kwa kuwa dhahabu huuzwa kwa dola, wanunuzi wenye sarafu nyingine waliiona ghali zaidi.

Kanuni hiyo ina mpaka. Baada ya akiba za Urusi zilizokuwa nje kuzuiwa mwaka 2022, benki kuu za nchi mbalimbali zilinunua kwa jumla zaidi ya tani 1,000 za dhahabu kwa mwaka, na bei ikapanda mwaka 2023 na 2024 huku riba zikiwa bado juu. Mnunuzi wa aina hiyo haangalii sana riba anayojinyima; anachotaka ni akiba isiyoweza kuzuiwa na nchi nyingine.

Machi 2020 unaonyesha vizuri tatizo la muda. Hofu ya korona ilipotanda, dhahabu ilikuwa karibu dola 1,680. Siku chache baadaye ilikuwa imeshuka hadi karibu 1,470, kwa sababu wawekezaji waliopata hasara kwenye hisa walihitaji fedha taslimu mara moja, wakauza kile kilichokuwa rahisi kuuzika. Agosti mwaka huo huo ilivuka dola 2,000.

Tuchukue watu wawili wa kufikirika walionunua wakia moja kwa dola 1,680. Wa kwanza alilipa bei yote. Alishuhudia mali yake ikipungua kwa dola 210, akangoja, na Agosti alikuwa na faida ya zaidi ya dola 300. Wa pili alikuwa na dola 200 kwa dalali wa mtandaoni, akafungua biashara ya dhahabu kwa dola, XAUUSD, ya loti 0.01, ambayo kwa kawaida ni wakia moja, na kwa mkopo wa 1:100 akatakiwa kuweka dhamana ya dola 16.80 tu. Kila dola moja ya mwendo wa bei ilikuwa dola moja kwake. Bei iliposhuka chini kidogo ya 1,490, akaunti ilikuwa imebaki na dola chini ya kumi, na dalali anayefunga biashara pindi salio linapofika nusu ya dhamana angemfunga hapo hapo. Aliisoma hali kwa usahihi, lakini akatolewa kabla kimbilio halijafanya kazi.

Kwa mwenye mtaji mdogo anayetaka ulinzi, njia inayofanana zaidi na ya mtu wa kwanza ni kununua kipande cha mfuko wa dhahabu unaouzwa katika soko la hisa, kama GLD, ambao hutunza vipande vya dhahabu na kutoza ada ndogo ya mwaka. Sarafu na vipande vidogo vya kushika mkononi navyo vinafaa, ila kadiri kipande kinavyokuwa kidogo ndivyo nyongeza juu ya bei ya soko inavyokuwa kubwa kwa kila gramu. Akaunti ya dalali ni chombo cha kukisia mwendo wa siku chache. Ukiishikilia biashara kwa miezi, ada ya kila usiku hula faida polepole, na dakika inapotoka takwimu ya ajira au ya mfumuko ya Marekani, pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza hutanuka kiasi kwamba agizo la kuzuia hasara linaweza kutekelezwa kwa bei mbaya kuliko uliyoiweka.