Kulenga upya: tangazo linalojua mtu aliishia wapi

Kulenga upya ni kumwonyesha tangazo mtu ambaye mmeshakutana mtandaoni. Alitazama video yako, au aliingia kwenye tovuti yako, akaangalia angalia, akaondoka. Wanaofanya kazi ya matangazo huiita ritageti. Wanaofuatwa nayo huiita usumbufu, na mara nyingi wana haki, kwa sababu wengi wetu tunaielewa kama kurudia tangazo lilelile mpaka mtu achoke na kununua. Kazi yake hasa ni nyingine: kujua mtu aliishia hatua gani, kisha kumwambia kile tu kinachomhusu mtu wa hatua hiyo.

Nitaeleza kwa kutumia matangazo ya Facebook na Instagram, maana huko video na tovuti hukutana mahali pamoja. Tuchukue mwalimu wa ushonaji anayeuza kozi mtandaoni. Ana video ya dakika moja inayoonyesha jinsi ya kutia zipu kwenye sketi, na ana tovuti yenye ukurasa wa kozi na ukurasa wa kujisajili.

Watazamaji wa video hahitaji kuwawekea mtego wowote. Jukwaa lenyewe linakumbuka nani alitazama na kwa muda gani, hata kama mwalimu hakuwahi kuwaza habari ya kulenga upya siku anapakia video. Anaingia Ads Manager, sehemu ya Facebook ya kusimamia matangazo, anafungua Audiences, anachagua Custom Audience, halafu Video. Hapo anaulizwa kiwango cha utazamaji: sekunde 3, sekunde 10, ThruPlay, yaani sekunde 15 au video nzima kama ni fupi kuliko hapo, au asilimia 25, 50, 75 au 95 ya video. Anaulizwa pia kumbukumbu irudi nyuma siku ngapi, na kikomo ni siku 365.

Sekunde 3 zinavutia kwa sababu orodha inakuwa ndefu, lakini sekunde 3 ni kidole kilichopumzika kabla ya kuendelea kusogeza skrini. Na asilimia haina maana mpaka ujue urefu wa video. Nusu ya video ya dakika moja ni sekunde 30, na mtu aliyekaa sekunde 30 akitazama zipu ikishonwa ana jambo lake na cherehani. Nusu ya video ya sekunde 8 ni sekunde 4, karibu sawa na yule wa kidole. Kwa hiyo mimi huanza kwa kujiuliza ni sekunde ngapi zinaonyesha kwamba mtu alifuatilia, ndipo natafuta asilimia inayokaribia hapo. Kwa mwalimu wetu asilimia 50 inatosha, kwa kumbukumbu ya siku 30.

Tovuti ni habari nyingine. Facebook haioni kinachoendelea kwenye tovuti yako mpaka uweke pikseli, yaani kipande cha kodi ya programu kinachotoa taarifa kila ukurasa unapofunguliwa. Orodha ya waliotembelea tovuti huanza kujaa siku pikseli inapoanza kufanya kazi, na waliopita kabla ya hapo wamekwenda zao. Ndiyo maana pikseli huwekwa mapema, hata kama matangazo yenyewe bado yako mbali. Sehemu kubwa ya kodi unainakili kutoka Events Manager, sehemu inayopokea taarifa za pikseli, na mistari inayobeba kazi ni hii:

```
fbq('init', '1234567890');
fbq('track', 'PageView');
```

Namba hiyo ni ya mfano, kila akaunti ina yake. Kodi hii inakaa kurasa zote. Kwenye ukurasa wa shukrani, ule anaouona mtu aliyemaliza kujisajili tu, mwalimu anaongeza mstari mmoja:

```
fbq('track', 'CompleteRegistration');
```

Kumbukumbu ya tovuti haizidi siku 180. Kuhakikisha pikseli inafanya kazi, fungua Test Events ndani ya Events Manager, kisha upite tovuti yako mwenyewe kama mgeni: ukurasa wa kwanza, wa kozi, mpaka wa shukrani. Kila hatua inapaswa kutokea kwenye skrini baada ya muda mfupi. Usiishie ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa shukrani ndio unaosahaulika, na ndio unaoumiza zaidi.

Najua kwa sababu uliniumiza. Niliwahi kusimamia matangazo ya tovuti ambayo fundi wake aliubadilisha ukurasa wa shukrani bila kuniambia, na ule mstari wa mwisho ukapotea. Matangazo yakaendelea vizuri tu, hesabu ya wageni ikaendelea kupanda. Nilijua kuna tatizo pale mteja aliponitumia picha ya skrini: alikuwa ameshalipa siku tano nyuma, na bado anaombwa kila asubuhi aje ajisajili. Tangu hapo, hesabu ya waliojisajili ikiwa sifuri kwa siku mbili wakati kitabu changu kina majina, najua pa kwenda kutazama.

Sasa mwalimu ana makundi matatu. La kwanza ni waliotazama nusu ya video lakini hawajafungua ukurasa wa kozi. La pili ni waliofungua ukurasa wa kozi lakini hawakujisajili. La tatu ni waliojisajili. Kundi la tatu halionyeshwi tangazo lolote la kozi hii. Lipo kwa ajili ya kutolewa kwenye mengine, na kutoa watu ndiko kunakotenganisha kulenga upya na kero. Tangazo la kundi la kwanza linawaacha nje makundi ya pili na ya tatu, na la kundi la pili linaliacha nje la tatu. Usipofanya hivyo, mtu mmoja anaangukia makundi yote mawili, maana aliyefungua ukurasa wa kozi huenda alitazama video pia.

Hapa pana kosa dogo lililojificha. Unapotengeneza orodha ya waliofungua ukurasa wa kozi, unaambiwa uandike anwani, na chaguo linalokuja ni URL contains, yaani anwani iliyo na neno fulani ndani yake. Ukiandika `kozi`, utapata `/kozi` na pia `/kozi-asante`, ambao ndio ukurasa wa shukrani. Waliojisajili wanaingia orodha ya wasiojisajili, kimya kimya. Hata ukichagua equals na kuandika anwani kamili, waliojisajili nao walipitia `/kozi`, kwa hiyo hakikisha kundi la tatu limetolewa kweli.

Kuhusu maneno ya tangazo, kundi la kwanza linajua zipu inavyotiwa, ila halijui kuna kozi. Linaonyeshwa sketi nzima iliyomalizika na mwaliko wa kuangalia orodha ya masomo. Kundi la pili limeshaiona orodha hiyo, na kuwaonyesha tena ni kupoteza hela. Kuna kitu kiliwazuia. Mwalimu anarudi kwenye jumbe alizotumiwa na watu kabla ya kujisajili, anakuta swali moja linajirudia: je, cherehani ya kawaida inatosha? Tangazo la kundi la pili linajibu hilo, kwa video ya sekunde 20 akishona kwa cherehani ya kawaida. Wala halisemi "tumeona ulitembelea tovuti yetu". Mtu ajibiwe swali lake, asihisi anachunguliwa.

Tuweke hesabu ya mfano ya mwezi mmoja. Video imetazamwa hadi nusu na watu 2,000. Ukurasa wa kozi umefunguliwa na watu 600, na 40 wamejisajili. Kundi la pili kwa hiyo ni watu 560. Kwenye Ads Manager orodha itakuwa pungufu ya hapo, na hiyo si hitilafu. Pikseli inamtambua mtu pale tu inapoweza kumhusisha na akaunti yake, na wengine wametumia kivinjari kinachozuia vidakuzi, au wamekataa kufuatiliwa. Tangu toleo la iOS 14.5 la Aprili 2021, programu kwenye aifoni hulazimika kumwomba mtu ruhusa kabla ya kumfuatilia kwenye programu na tovuti za wengine. Kutuma taarifa moja kwa moja kutoka seva kwa kutumia Conversions API kunarudisha sehemu ya kilichopotea, si chote, na hakumwondolei mwenye tovuti wajibu wa kuomba ridhaa pale sheria inapotaka.

Udogo wa kundi unaamua bajeti. Kama bajeti inanunua maonyesho 2,000 kwa siku kwa watu 560, kila mmoja anaona tangazo karibu mara nne kwa siku, na kwa wiki ni mara 25. Safu ya Frequency, yaani wastani wa mara ambazo kila mtu ameliona tangazo, itakuonyesha. Mimi nikiona imefika 8 au 9 kwa wiki kwenye kundi dogo, napunguza bajeti kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kuna jambo la upande wa pili pia. Mfumo siku hizi hukupendekezea Advantage+ audience, yaani mfumo wenyewe ukuchagulie watu, na ukiikubali, orodha yako inaweza kuchukuliwa kama pendekezo tu na tangazo likaenda kwa watu wasiokujua kabisa. Atakayesoma jibu la swali la cherehani wakati hajawahi kusikia habari za kozi atashangaa. Dalili ni rahisi kuiona: orodha ina watu 560 lakini Reach, yaani idadi ya watu walioliona tangazo, inasema 4,000. Tafuta mahali pa kurudi kwenye mpangilio wa hadhira wa kawaida, ambapo orodha ndiyo mpaka.

Halafu kuna namba zinazopendeza mno. Kwa kawaida Ads Manager hulihesabia tangazo ushindi kama mtu alilibofya ndani ya siku 7, au aliliona tu bila kubofya ndani ya siku 1, kisha akajisajili. Kundi la pili limejaa watu waliokuwa wanafikiria kozi hata bila tangazo. Wengine wangerudi jioni wenyewe, na tangazo likipita mbele yao mchana linajipatia sifa hiyo. Mwalimu akitaka kujua ukweli, asimamishe tangazo la kundi la pili kwa mwezi mmoja, aache mengine yote yalivyo, na ahesabu majina kwenye kitabu chake mwenyewe. Wakishuka kutoka 40 hadi 25, tangazo lilikuwa na kazi. Wakibaki 38, tofauti hiyo ni ndogo mno kusema lolote, na ile hela afadhali irudi kwenye video ya zipu, ambako watu wapya wanaingilia.