Kadi ya kuwasili Thailand: yanayosemwa na yalivyo

Tangu tarehe 1 Mei 2025, mgeni anayeingia Thailand hujaza kadi ya kuwasili mtandaoni, inayofahamika kwa kifupi kama TDAC, badala ya karatasi ya TM6. Fomu hiyo inakusanya pamoja taarifa za uhamiaji na tamko la afya, na hujazwa ndani ya siku 3 kabla ya kuwasili.

Dhana: Ukishaituma fomu ikiwa na kosa, umekwama.

Ukweli: Inategemea ni kosa gani. Namba ya ndege, tarehe ya kuwasili au anwani ya hoteli unaweza kuibadilisha katika tovuti ileile, kisha ukapakua kadi upya. Jina, namba ya pasipoti, uraia na tarehe ya kuzaliwa ni jambo jingine: vikikosewa, hujazwa fomu mpya tangu mwanzo.

Chukulia abiria aliyenakili namba ya pasipoti kutoka mstari wa pili wa herufi zilizo chini ya ukurasa wenye picha. Nafasi 9 za kwanza za mstari huo ni za namba ya pasipoti, lakini ya 10 ni tarakimu ya uhakiki inayosomwa na mashine, na yeye ameinakili pia. Kwenye kaunta ya shirika la ndege, pasipoti yake inaonyesha namba moja na kadi nyingine. Hana sababu ya kubishana na mhudumu, ambaye hana uwezo wa kuirekebisha. Atoke kwenye foleni, ajaze fomu mpya kwa kufuata namba iliyochapishwa juu ya ukurasa huo, ahakikishe herufi O haikuandikwa mahali pa sifuri, kisha ahifadhi kadi mpya kwenye simu, kwani mtandao unaweza kumwangusha atakapofika.

Dhana: Marekebisho ya haraka hulipiwa.

Ukweli: Kadi ni bure, ya kwanza na ya marudio, katika tdac.immigration.go.th. Tovuti inayodai ada ni ya wakala, hata kama ina nembo na bendera za kuvutia.

Dhana: Tamko la afya ni la kupitisha muda tu, jibu lolote litapita.

Ukweli: Fomu huuliza nchi ulizopitia katika wiki 2 kabla ya kuwasili, na anayetoka katika nchi zilizoorodheshwa kuwa na homa ya manjano hutakiwa kuwa na cheti cha chanjo. Nchi iliyosahaulika huongezwa kwenye fomu kwa dakika chache, ilhali cheti hakina njia ya mkato: huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo sindano ya jana haimsaidii abiria wa leo.

Dhana: Mwenye kadi hahitaji viza.

Ukweli: Kadi si viza. Anayetakiwa kuwa na viza bado atadaiwa.