“Dawa Imenikataa”: Kichefuchefu cha Antibayotiki na Ukweli Wake

Kauli inayochosha kuliko zote katika kaunta ya duka la dawa hapa Malindi ni hii: “Dawa ile imenikataa.” Mteja amemeza vidonge viwili vya amoksiklavu, antibayotiki ya jamii ya penisilini, moyo ukamchafuka, akaenda haja laini mara mbili, basi akajitangazia kuwa ana mzio. Vilivyobaki huviweka kabatini, au, vibaya zaidi, humpa jirani anayekohoa.

Kichefuchefu si mzio. Mzio ni kinga ya mwili kuishambulia dawa, na una alama zake: vipele vya kuwasha vilivyoumuka, midomo au kope kuvimba, kifua kubana na pumzi kutoa mluzi. Kichefuchefu na haja laini ni dawa kuusumbua utumbo na kuvuruga bakteria wanaoishi humo. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu ukimwambia kila daktari kuwa “penisilini inanikataa”, ataiandika kwenye faili lako. Siku utakayoihitaji kwelikweli, utapewa dawa nyingine ambayo huenda ikawa dhaifu zaidi kwa ugonjwa huo, au ghali zaidi.

Tuchukue mfano wa mama aliyevimba ufizi. Ameandikiwa amoksiklavu ya miligramu 625 asubuhi na jioni, metronidazo mara 3 kwa siku, na diklofenaki ya maumivu. Saa 12 alfajiri anazimeza zote tatu kwa kikombe cha chai ya rangi, kisha anaanza kazi zake. Chakula cha kwanza ni saa 4. Kufikia saa 1 ana kichefuchefu na tumbo linamuwaka. Siku ya pili anaacha antibayotiki lakini diklofenaki anaendelea nayo, kwa kuwa “hiyo ndiyo inayonisaidia”.

Hapo amemfunga asiye na hatia, au walau amemwachia mshirika wake. Diklofenaki juu ya tumbo tupu huchubua utando wa tumbo, na ule moto chini ya kifua mara nyingi ni wake. Metronidazo nayo huleta ladha ya chuma mdomoni inayoondoa hamu ya kula. Amoksiklavu ina mambo yake pia: ndani ya kidonge kimoja mna amoksilini na asidi ya klavulaniki, na hiyo ya pili ndiyo inayochochea zaidi kuhara.

Hatua ya kwanza ni kuuliza kama diklofenaki inaweza kubadilishwa na parasetamo. Ya pili ni kuhamisha saa ya vidonge. Amoksiklavu humezwa chakula kinapoanza: kula matonge matatu manne, meza kidonge kwa glasi nzima ya maji, kisha endelea kula. Ikichanganyika na chakula, tumbo hutulia, na ile klavulaniki huingia mwilini vizuri zaidi. Chakula chenyewe kisiwe kizito. Uji, mkate, ndizi ya kuchemsha au wali mkavu vinafaa kuliko viazi karai vinavyochuruzika mafuta. Na chai ya rangi si chakula, hata ukiitia sukari vijiko vitano.

Ya tatu ni kuangalia namba kwenye paketi. Kidonge cha 625 kina amoksilini miligramu 500 na klavulaniki 125. Kile cha 375 kina amoksilini 250, lakini klavulaniki ni 125 ileile. Anayekosa 625 akameza viwili vya 375 amejiongezea klavulaniki maradufu, kisha anashangaa kwa nini hatoki chooni.

Akifanya haya, mama huyu anaweza kumaliza dozi yake akiwa na haja laini kidogo tu, ambayo hutulia dawa ikiisha. Ikiendelea kumsumbua, dawa itabadilishwa na aliyeiandika, na kwenye faili itaandikwa “ilimsumbua tumbo”, si “mzio”.

Dhana ya pili: kila antibayotiki inywewe na maziwa ili isiumize tumbo. La. Kwa amoksiklavu maziwa hayana neno. Kwa siprofloksasini na doksisaiklini, kalsiamu ya maziwa hushikana na dawa tumboni na sehemu yake hupita bila kuingia mwilini. Tumbo litatulia, naam, na ugonjwa utabaki palepale. Dawa za kiungulia zile za maji meupe, na vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, hufanya vivyo hivyo. Meza doksisaiklini pamoja na chakula kisicho na maziwa, kwa glasi nzima ya maji, na usilale kwa nusu saa. Anayeimeza kwa funda moja la maji akajitupa kitandani huamka na kidonda cha umio, na kila anachomeza kinamchoma.

Dhana ya tatu ni kinyume cha hiyo: antibayotiki zote zimezwe baada ya kula. Ampisilini na kloksasilini, ikiwa ni pamoja na zile zilizochanganywa kidonge kimoja, hutaka tumbo tupu: saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada yake. Na kwa wale wa mirungi: kutafuna hupunguza ampisilini inayoingia mwilini, basi dawa isimezwe ukiwa na mirungi kinywani.

Ya nne, kwamba mnazi si pombe. Ni pombe. Ukiwa kwenye metronidazo, uache mpaka upite angalau muda wa saa 48 tangu kidonge cha mwisho.

Sasa, lini unaacha. Midomo au uso ukivimba, pumzi ikibana, ngozi ikitoka malengelenge, au kinyesi kikiwa na damu, acha dawa na uende hospitali papo hapo. Aliye visiwani Lamu, Pate au Matondoni, asingoje kuona itakuwaje, kwani mashua nayo ina saa zake. Macho yakigeuka manjano na mkojo ukawa wa rangi ya chai, acha pia, na uende siku hiyohiyo. Hili la ini, kwa amoksiklavu, huweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya dozi kuisha, na watu huwa wameshasahau kwamba waliimeza.

Unapiga simu kabla ya kumeza kidonge kinachofuata ikiwa umetapika dozi mbili mfululizo, maji hayakai tumboni, au unahara majimaji mara 3 au zaidi kwa siku. Usijifungie kuhara kwa dawa ya kukausha tumbo kabla ya kuuliza. Kunywa maji ya oresi, na usome pakiti kwanza: nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita nzima. Kutapika mara moja kuna kanuni nyepesi: ikiwa ni ndani ya nusu saa na kidonge umekiona, rudia, ikiwa saa 1 imepita, usirudie, katikati ya hapo, uliza.

Na unapopiga, uwe na paketi mkononi. “Kile cheupe kirefu” hakimsaidii yeyote. Taja jina na miligramu, ulimeza saa ngapi, ulikula nini na lini, umetapika au kuhara mara ngapi, dawa nyingine unazotumia, na kama una mimba.