Nyama imemshinda baba, kumbe ni figo

Swali: Daktari, baba ana miaka 58, tunakaa Nyalenda, Kisumu. Ana sukari na presha. Kila asubuhi akipiga mswaki anataka kutapika, mdomo anasema una ladha ya msumari, na harufu ya nyama ikikaangwa inamtoa nyumbani. Alipewa dawa za vidonda vya tumbo, wapi. Sasa vipimo vinaonyesha yurea 41 na tumeambiwa ni figo. Figo na nyama zinahusiana vipi?

Jibu: Mwili ukivunja protini ya nyama, ini hugeuza mabaki yake kuwa yurea, na figo huitoa kwa mkojo. Kwa kawaida kipimo hicho hakipiti 7 hivi. Kikifika 41, yurea inapenya hadi kwenye mate. Bakteria wa mdomoni huivunja ikawa amonia, ile hewa inayochoma pua kwenye choo cha shimo. Ladha ya msumari huanzia hapo, na ndiyo maana pumzi inaweza kunuka mkojo hata baada ya mswaki.

Kichefuchefu ni habari nyingine. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoonja damu ikitafuta sumu. Yurea haiji peke yake, huja na takataka nyingi ambazo figo zilipaswa kuzitoa, na sehemu hiyo ikizihisi huamuru kutapika hata tumbo likiwa tupu. Dawa za vidonda hupunguza asidi tu, kwa hiyo msishangae hazikusaidia.

Nyama huchukiwa kwanza kwa sababu ulimi na pua vimeharibikiwa, na ubongo hukumbuka upesi chakula kilichofuatwa na kutapika.

Ila niulize: bado anameza metformini? Dawa hiyo ya sukari pia huleta ladha ya chuma na kichefuchefu, na figo zikichoka kiasi hiki haifai tena. Pelekeni dawa zake zote kliniki. Kama anadungwa insulini, mwambieni daktari kwamba hali chakula vizuri: figo dhaifu huiacha ikae mwilini muda mrefu, na sukari inaweza kushuka ghafla usiku.

Swali: Basi tumwachishe nyama kabisa?

Jibu: Asiposhiba, mwili hula misuli yake, nayo ni protini vilevile, hivyo yurea inazidi kupanda. Tazameni mapaja na mikono, si mizani, kwa sababu maji ya uvimbe huficha kukonda. Mpeni yai au kipande kidogo cha samaki kilichopoa; chakula cha baridi hakitoi harufu sana. Kiasi atapangiwa na mtaalamu wa lishe: kabla ya dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, protini hupunguzwa, akianza huongezwa, maana mashine nayo huchukua sehemu yake.

Kwa dalili hizi na 41, mazungumzo ya dayalisisi yasingoje kliniki ya mwezi ujao. Akianza kwikwi isiyoisha, kuchanganyikiwa, kusinzia ovyo au kuhema, mpelekeni siku hiyohiyo. Wengi hamu ya kula huwarudia baada ya wiki chache za mashine, ingawa ulimi huchelewa.