"Nmap haikuiona, kwa hiyo haipo"

Naletewa ripoti ya skani ya mtandao wa nje, iliyofanywa kwa nmap, programu inayotafuta mashine na poti zilizo wazi. Imelingana na rejista ya mali za TEHAMA bila dosari hata moja, na aliyeileta ananiambia kwa raha zake, "Kungekuwa na kingine, nmap ingekiona." Nimechoka kuisikia kauli hiyo, basi tuanze nayo.

Dhana: Nmap isipoonyesha kitu, hakipo.

Ukiiendesha bila maelekezo, nmap haipimi anwani zote ulizoipa. Kwanza inabisha hodi. Ikiendeshwa kama root kutoka nje, inatuma ping ya ICMP, ombi la saa la ICMP, SYN kwenye poti 443 na ACK kwenye poti 80. Anwani isiyoitikia hata moja kati ya hizo inahesabiwa imezimwa, inarukwa. Zilizoitikia nazo hupimwa poti 1,000 tu za TCP zinazokutwa wazi mara nyingi, kati ya 65,535.

Chukua safu ya mfano 203.0.113.32/28, yenye anwani 16. Rejista ina mashine tatu: lango la VPN, seva ya barua pepe na tovuti. Skani ya kawaida inamalizia kwa `16 IP addresses (3 hosts up)`. Tatu kwa tatu, watu wanafunga kompyuta. Hawaoni kwamba mstari huohuo unawaambia anwani 13 hazikupimwa poti zake.

Sasa kwenye .41 kuna seva ya majaribio ambayo haimo kwenye rejista. Ruta inazuia ICMP, na ufw, fayawoli ya seva yenyewe, inatupa pakiti za 80 na 443, kwa hiyo hodi haikuitikiwa. Humo ndani mtengeneza programu aliwasha hifadhidata ya Redis kwa Docker akaandika `-p 6379:6379`. Docker hujiwekea kanuni zake za iptables zinazoipita ufw, hivyo `ufw status` inaonyesha pamefungwa wakati poti iko wazi kwa dunia nzima. Na hata .41 ingeitikia hodi, 6379 haimo katika zile 1,000. Skani iliikosa mara mbili.

Amri ninayotaka kuona ni hii:

```
sudo nmap -n -Pn -p- --open -oA nje 203.0.113.32/28
```

`-Pn` inaondoa hodi na `-p-` inachukua poti zote. Hapo ni pakiti zaidi ya milioni moja, na anwani zilizo kimya ndizo zinazokula muda, kwa kuwa nmap husubiri jibu kisha hurudia. Iache iende usiku. Usipandishe `--min-rate` kwa pupa: pakiti zikipotea njiani, poti iliyo wazi inahesabiwa `filtered`, na kwa `--open` huioni kabisa. Hesabu ya "hosts up" nayo isahau, maana kwa `-Pn` itasema 16 hata mashine zikiwa nne.

Dhana: Anwani ikiwa kwenye rejista, imelingana.

Kinacholinganishwa ni anwani pamoja na poti. Andika pande zote mbili kwa umbo moja, mfano `203.0.113.41:6379/tcp`, upange kwa `sort`, kisha:

```
comm -13 rejista.txt skani.txt
comm -23 rejista.txt skani.txt
```

Amri ya kwanza inatoa vilivyo wazi lakini havijaandikwa. Hapo itatoka Redis ya .41, na pengine 8443 ya tovuti ambayo wengi wangeiacha ipite kwa sababu mashine yenyewe "inajulikana". Tafadhali, usiiongeze kwenye rejista ili tofauti iishe! Mtafute mwenye nayo kwanza. Redis hii haina haja ya kuonekana nje. Iwashwe upya kwa `-p 127.0.0.1:6379:6379`, kisha .41 ipimwe tena.

Amri ya pili inatoa vilivyoandikwa ambavyo skani haikuviona. Usivifute haraka. Lango la VPN likiwa la WireGuard, linatumia UDP, na hiyo skani ni ya TCP. Hata kwa `-sU` utapata `open|filtered` tu, kwa sababu WireGuard haimjibu asiye na ufunguo. Hilo linathibitishwa kwenye mashine yenyewe.

Dhana: Safu ya SERVICE inasema ni huduma gani.

Bila `-sV`, inayoihoji huduma yenyewe, jina hilo linatoka kwenye faili ya nmap kwa kufuata namba ya poti. SSH ukiiweka kwenye 443 itaandikwa `https`.

Dhana: Skani ya nje inaweza kufanywa kwa Wi-Fi ya ofisini.

Haiwezi. Pakiti zako zinaingilia upande wa ndani wa fayawoli, na kanuni zinazopimwa si zile anazokutana nazo mtu wa nje. Kodi seva ndogo kwingine, hakikisha mwenye seva hiyo anaruhusu skani, na uwe na kibali cha maandishi cha mteja chenye anwani zote 16.