Kwa nini anga la usiku linatukumbusha Mungu, hata wale wasiosali

Mwezi wa saba mwaka fulani nilienda na wanafunzi wangu kijiji kimoja huko Singida, kijiji hakina umeme na mwezi mwandamo ulikuwa bado, yaani giza lenyewe. Tulitoka nje kama saa 4 usiku. Dakika za mwanzo kila mtu alikuwa anapiga stori tu na wengine wanajaribu kupiga picha kwa simu. Nikawaambia zimeni simu zote, kaeni nusu saa. Maana jicho lina taratibu zake, zile seli zinazoona gizani zinahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea vizuri, na ukiwasha skrini sekunde chache tu unaanza karibu upya. Watu wengi wanasema "mbona mimi nimeangalia nyota sijahisi kitu", kumbe wameangalia dakika 2 wakitokea kwenye taa, wakaona nyota hamsini, wakarudi ndani. Kwenye giza la kweli jicho tupu linaona kama 2,000 mpaka 3,000 hivi kwa wakati mmoja. Na sisi huku tuna bahati ambayo watu wa Ulaya hawana, mwezi wa saba usiku ule upande wa katikati ya galaksi yetu unapita karibu na utosini, siyo kule chini kwenye upeo.

Baada ya nusu saa hakuna aliyeongea. Halafu binti mmoja, ambaye kiukweli si mtu wa dini kabisa na alikuwa anajulikana kwa hilo, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nahisi kama kuna mtu anatuangalia."

Hiyo sentensi ndiyo nataka tuizungumzie, maana wanasaikolojia wameifanyia kazi na watu wa tasawufi, ile njia ya kiroho ya Kiislamu, waliijua miaka mingi kabla yao.

Mwaka 2003 Dacher Keltner na Jonathan Haidt, wanasaikolojia wa Marekani, waliandika kwamba hisia hii ya mshangao ina vitu viwili. Cha kwanza ni ukubwa, unakutana na kitu kinachokuzidi sana. Cha pili ndicho watu wanakisahau, kwamba akili yako inakosa pa kukiweka. Kila siku tunaelewa mambo kwa kuyaingiza kwenye vyumba tulivyokwisha kujenga kichwani, hii ni gari, huyu ni jirani, hili ni deni. Sasa ikija kitu hakiingii chumba chochote, ama ujenge chumba kipya ama ubaki umesimama mlangoni. Ndiyo maana ghorofa refu linaweza kukushangaza siku ya kwanza tu, siku ya tatu unapita unaangalia saa.

Hapo namkumbuka mzee mwenyeji wetu. Yeye alitoka, akaangalia juu, akasema kilimia, lile fungu dogo la nyota, bado, mpaka alfajiri, akarudi kulala. Wahenga walisema kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kweli kinapotea magharibi wakati wa masika halafu kinatokea tena mashariki alfajiri kwenye kiangazi. Kwa mzee anga lilikuwa kalenda, lina chumba chake tayari. Wanafunzi wa mjini ndio waliopigwa na butwaa, siyo kwa sababu wana roho safi kuliko mzee, ni kwa sababu hawakuwa na pa kuliweka.

Haya, kwa nini sasa "mtu anatuangalia"? Mwaka 2014 Piercarlo Valdesolo na Jesse Graham walitoa utafiti wenye majaribio kadhaa. Watu waligawanywa, wengine wakaonyeshwa video za maumbile zenye mandhari makubwa ya kutisha na kupendeza, wengine video za kuchekesha au mahojiano ya kawaida tu. Baadaye wakaulizwa kuhusu imani yao juu ya Mungu na nguvu zisizoonekana. Waliotazama yale mandhari walielekea zaidi kuamini. Kilichonivutia zaidi ni jaribio lingine, walipewa mistari ya tarakimu zilizopangwa ovyo bila mpango wowote, wakaulizwa kama zimepangwa na mtu. Wale waliotoka kwenye mshangao walielekea zaidi kusema ndiyo, kuna mtu kapanga. Maelezo ya watafiti ni kwamba ule mshangao unapunguza uvumilivu wetu wa kutojua, na akili ikibanwa na kutojua inatafuta haraka mwenye nia nyuma ya kitu. Nani kafanya hivi? Ndiyo swali la kwanza, kabla hata ya imekuwaje.

Lakini hapo tahadhari. Ile ni video ya dakika chache chumbani, siyo usiku mzima porini, na mtu kuelekea zaidi upande fulani kwa wastani haina maana kila mtu anaongoka. Tena mwaka 2016 Valdesolo na wenzake walikuta jambo linalochanganya kidogo, kwamba mshangao uleule kwa wenye imani ulipunguza tegemeo lao kwa maelezo ya kisayansi, ila kwa wasio na imani uliwavuta kwenye maelezo ya kisayansi yanayosisitiza mpangilio. Yaani kinachotafutwa ni mpangilio, halafu kila mmoja anauita kwa lugha ya nyumbani kwao.

Watu wa kiroho nao wanasemaje? Al-Qushayri, mwanachuoni wa tasawufi aliyefariki 1072, anazitaja hali mbili kama pacha, haiba na unsi. Haiba kwa Kiarabu ni ule utisho wa mbele ya mkubwa, unsi ni kujisikia karibu naye, umetulia. Sisi Waswahili neno haiba tumelichukua tukaliacha na upande wa kupendeza tu, mtu ana haiba yaani anavutia, ule utisho tumeuacha njiani. Na mwaka 1917 Mjerumani Rudolf Otto, bila shaka kwa njia yake mwenyewe, akaandika kwamba kitakatifu ni fumbo linalotetemesha na kuvuta kwa wakati mmoja. Ukikosa mtetemo unabaki na uzuri tu, kama ua. Ukikosa mvuto unabaki na hofu, kama mtu anayesikia fisi nje ya hema. Hata wanafunzi wangu niliwapima hivyohivyo, aliyetaka kukimbilia ndani huyo aliogopa giza tu, aliyeogopa na bado hataki kuingia ndani ndiye tunayemzungumzia.

Katika hadithi aliyosimulia Ibn Abbas, Mtume aliamka theluthi ya mwisho ya usiku, akaangalia mbinguni, akasoma ile aya ya Aal Imran ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Ignasi wa Loyola naye, mtakatifu wa Wakatoliki, alipokuwa anauguza mguu 1521, anasema faraja yake kubwa ilikuwa kutazama mbingu na nyota, mara nyingi na kwa muda mrefu. Angalia hapo, muda mrefu. Hakuna kati yao aliyeangalia dakika mbili.

Yule binti aliniuliza njiani tukirudi, kwa hiyo mwalimu ni ubongo tu? Nikamwambia lile jaribio la tarakimu lilikuwa na jibu lake kwenye karatasi ya watafiti, wao walijua hakuna mtu aliyezipanga, ndiyo maana waliweza kusema nani kakosea. Hili la juu yetu hakuna mtafiti mwenye hiyo karatasi.